Simu inaukodolea macho msimbo wa QR lakini WhatsApp haiungani na kompyuta

*"Habari fundi. Nina duka la kuchapisha kadi na mabango hapa River Road, na wateja hunitumia kazi kwa WhatsApp. Niliuza kompyuta ya zamani nikanunua nyingine ya mtumba, sasa imekataa kuungana na simu. Simu inauangalia tu ule msimbo, haishiki. Ikishika mara moja moja inasema 'Couldn't link device'. Simu ya mke wangu ilishika papo hapo. Siku nyingine nikiwa nyumbani Kasarani, kijana wa dukani aliupiga picha msimbo akanitumia, nao ukakataa. Nibadilishe simu au kompyuta?"*

Usinunue kitu, ndugu yangu. Kompyuta haina kosa, na aliyethibitisha hilo ni mkeo. Ule msimbo hauchorwi na kompyuta peke yake. Kabla haujaonekana kwenye skrini, kivinjari lazima kiwe kimefika kwenye seva za WhatsApp na kupewa namba maalumu. Kwa hiyo msimbo ukishaonekana, mtandao wa dukani unafanya kazi na kivinjari chako kinakubalika. Na simu ya mkeo iliposhika papo hapo, tukajua pia kwamba skrini inasomeka vizuri. Tatizo liko kwenye simu yako, na kwa maelezo uliyonipa nadhani kamera yako inachelewa kuusoma msimbo hadi unapitwa na wakati.

Watu husema "kuskani kumekataa" kana kwamba ni kazi moja. Ni kazi mbili, na kila moja ina njia yake ya kukwama. Ya kwanza ni ya macho: kamera iutambue mchoro na kuusoma. Ya pili ni ya mtandao: simu ichukue ilichosoma, ikipeleke kwenye seva, kisha seva iambie kompyuta yako kwamba mwenye akaunti amekubali. Mpaka kati ya hizo mbili unaonekana kwa macho. Kamera ikiendelea kuonyesha picha ya skrini na hakuna kinachotokea, bado uko kwenye kazi ya kwanza. Picha ikitoweka na simu ikaanza kuzungusha kile kiduara cha kusubiri, kamera imeshamaliza kazi yake, na hata ukiifuta kutwa nzima hutasaidia. Wewe umekwama pande zote mbili kwa nyakati tofauti, na ndiyo maana umechanganyikiwa.

Tuanze na macho, kwa kuwa ndiko unakokwama mara nyingi.

Msimbo wa QR una miraba mitatu mikubwa kwenye pembe tatu. Kamera huitafuta hiyo kwanza ili ijue mchoro umeanzia wapi na umeinama kiasi gani. Ikishaipata, husoma vijiraba vidogo vilivyo katikati, kimoja kimoja, cheusi au cheupe. Msimbo wa QR wa kulipia dukani una habari chache, kwa hiyo vijiraba vyake ni vikubwa na simu yoyote huvisoma. Wa WhatsApp umebeba maneno mengi zaidi, kwa hiyo vijiraba vimebanana. Picha ikiwa na ukungu kidogo tu, weusi na weupe huingiliana na kamera haioni mchoro wowote. Haikuambii kwamba imeshindwa. Inaendelea kutazama tu.

Sasa fanya jaribio hili. Fungua kamera ya kawaida ya simu, shika risiti yoyote yenye maandishi madogo, iweke umbali wa kiganja kimoja kutoka kwenye lenzi, kisha gusa maandishi hayo kwenye skrini ya simu. Kama picha inacheza kidogo halafu herufi zinakaa sawa, kamera yako ina uwezo wa kujirekebisha. Kama hakuna kinachobadilika na herufi zinabaki na ukungu, una mojawapo ya zile simu ambazo lenzi yake haisogei. Simu kadhaa za bei ya chini ziko hivyo. Zimetengenezwa kupiga picha ya mtu aliyesimama mbele yako, na kitu kilicho karibu sana hazikioni vizuri.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Simu isipouona msimbo, mkono hujipeleka mbele wenyewe. Kadiri unavyosogea ndivyo picha inavyozidi kuwa na ukungu, na kadiri ukungu unavyozidi ndivyo unavyosogea. Tiba ni kurudi nyuma na kuukuza msimbo. Kwenye kompyuta shikilia kitufe cha `Ctrl` na ubonyeze `+` mara kadhaa hadi ukurasa ufike asilimia 200 au hivi. Vijiraba vitakuwa vikubwa. Kisha rudi nyuma hadi umbali wa nusu mita na uishike simu wima, isiinamie pembeni. Ukitaka kurudisha ukurasa ulivyokuwa, bonyeza `Ctrl` na `0`.

Kabla ya hapo ifute lenzi, na ninamaanisha lenzi yenyewe, usiishie kwenye skrini. Simu inayokaa mfukoni kwenye duka la kuchapisha hupata mafuta ya vidole na vumbi la karatasi, na utando mwembamba tu unatosha kuufanya mwanga wa skrini utawanyike. Kama umeweka kifuniko cha simu, hakikisha hakijapanda kwenye ukingo wa kamera. Na kama taa ya dukani au mwanga wa mlangoni unajiakisi kwenye kioo cha kompyuta juu ya msimbo, geuza skrini kidogo. Kwako hilo si kubwa, maana mkeo alisoma skrini hiyo hiyo, lakini huenda alisimama mahali pengine.

Kuna mtego mwingine nitautaja kwa haraka. WhatsApp ina sehemu mbili za kuskani. Ile iliyo kando ya jina lako kwenye mipangilio ni ya kubadilishana namba na watu, haiunganishi kompyuta. Unayoitaka iko kwenye nukta tatu za juu, "Linked devices", kisha "Link a device". Ikifunguka nyeusi tupu, WhatsApp haijaruhusiwa kutumia kamera. Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta programu ya WhatsApp, fungua ruhusa na uiwashe kamera. Wewe umewahi kushika mara moja moja, kwa hiyo ulikuwa mahali sahihi.

Sasa tuje kwenye ile "Couldn't link device".

Kaa mbele ya kompyuta msimbo ukiwa wazi na usifanye chochote. Utaona vijiraba vya katikati vikibadilika ghafla, mchoro mpya ukichukua nafasi ya ule wa awali. Wa kwanza hukaa muda mrefu kidogo, wanaofuata hubadilika karibu kila sekunde 20. Ukiendelea kukaa, baada ya muda msimbo hufifia na alama ya kupakia upya hutokea katikati. Hapo kompyuta imechoka kusubiri, na lazima ubonyeze ile alama ili upate mwingine.

Hubadilika kwa makusudi. Ndani ya msimbo hamna jumbe zako, hamna namba yako ya simu wala nywila. Mna namba ya muda iliyotolewa na seva, funguo za umma za kompyuta inayoomba kuunganishwa, na siri fupi ya kuthibitisha kwamba simu imeusoma msimbo huo huo. Simu yako ikishausoma, hutia sahihi kwamba kompyuta hiyo sasa ni ya akaunti yako. Yule ambaye msimbo wake umesomwa ndiye anayepata mlango wa jumbe zako, kwa hiyo namba ya muda haiachwi izagae. Ni kama namba ya foleni pale Huduma Centre: ikishapita, hata ukiwa umeishika mkononi haikupeleki dirishani.

Ukiunganisha hilo na kamera yako, utaona kinachotokea. Unasogea, unarudi, unainamisha, na sekunde zinakwenda. Hatimaye kamera inaushika msimbo ukiwa umebakiza muda mfupi sana. Simu inaanza kupeleka habari, mtandao wako unavutavuta, na ikifika kwenye seva ile namba imeshafutwa. Jibu linarudi kwamba kifaa hakikuweza kuunganishwa. Simu ya mkeo ina kamera inayoshika upesi, kwa hiyo haikukutana na hilo.

Picha ya Kasarani ilikwama kwa sababu hiyo hiyo, ila kwa urefu zaidi. Kijana akaipiga, akaituma, wewe ukaipokea, ukatafuta simu ya pili ya kuionyesha, ukafungua kamera. Hakuna namba ya sekunde 20 inayovumilia safari hiyo. Na hata ingekubali, usiizoee tabia hiyo. Matapeli hufanya hivyo hivyo: wanakutumia picha ya msimbo, wanadai ni wa zawadi, kura au kikundi cha kazi, nawe ukiuskani kupitia "Link a device" umeiunganisha kompyuta yao na akaunti yako. Skani tu msimbo ulio mbele yako, kwenye kompyuta uliyoifungua mwenyewe, kwa anwani uliyoichapa kwa herufi zake zote: `web.whatsapp.com`. Ukitafuta kwenye gugo na kubonyeza cha kwanza kinachojitokeza, unaweza kuangukia ukurasa wa bandia unaokuletea msimbo halali ulioombwa na kompyuta ya mtu mwingine.

Kwa hiyo fanya hivi. Weka simu kwenye waifai ya duka kwa dakika hizo chache, ile ile inayotumiwa na kompyuta. Data ya simu ikiwa dhaifu, maneno matupu bado hupita, na hapo mtu hudhani data iko sawa kumbe inasuasua. Kama simu ina VPN, izime kwanza. Angalia tarehe na saa, uziweke zijirekebishe zenyewe kutoka kwa mtandao, maana simu yenye saa iliyopotoka inaweza kushindwa kufungua njia salama ya kufika kwenye seva. Kisha fungua "Link a device" na uweke alama ya kidole au namba ya siri ukiulizwa, hadi kamera iwe tayari mkononi. Hapo ndipo upakie upya ukurasa kwenye kompyuta, ukuze msimbo, urudi nyuma na kuusoma. Mpangilio huu ni wa maana: simu ikiwa tayari kwanza, unaupata msimbo ukiwa mbichi na muda wote ni wako. Wengi hufungua kompyuta kwanza, halafu ndipo wanaanza kutafuta menyu kwenye simu huku wakiulizwa alama ya kidole.

Ukishika haraka hivyo na bado ikasema "Couldn't link device", basi si muda tena. Rudi kwenye "Linked devices" uangalie orodha iliyoko hapo. WhatsApp inaruhusu vifaa 4 vilivyounganishwa mbali na simu yenyewe. Ukiwa umewahi kuingia kwenye kompyuta ya saiba, ya kanisani na ya shemeji, pamoja na ile ya zamani ya dukani, nafasi zinaweza kujaa bila wewe kujua. Gusa kifaa usichokitumia na uchague "Log out".

Na hapo nina swali linalonisumbua kuliko la msimbo. Ile kompyuta uliyouza, ulitoka kwenye WhatsApp kabla ya kuikabidhi? Kama hukutoka, aliyeinunua huenda anasoma oda za wateja wako hadi leo. Watu wengi bado wanaamini kwamba simu ikizimwa au ikiwa mbali, kompyuta inakosa kazi. Ilikuwa hivyo zamani, kompyuta ikipitishia kila kitu kwenye simu. Tangu mfumo wa vifaa vingi ulipoanza kusambazwa mwaka 2021, kila kompyuta iliyounganishwa huzungumza na seva yenyewe. Inachohitaji kwako ni kwamba simu isikae zaidi ya siku 14 bila kutumika, na yako inatumika kila siku. Kwenye orodha kila kifaa kina jina la kivinjari au mfumo wake na lini kilitumika mara ya mwisho. Ukiona kimoja ambacho hukitambui, kitoe sasa hivi, hata kabla hujamaliza kusoma hapa.

Kama kamera yenyewe ni mbovu, lenzi imepasuka au jaribio la risiti limeshindikana kabisa, iache. Kuna njia isiyohitaji kamera. Kwenye ukurasa ule ule wa kompyuta, karibu na msimbo, kuna maneno ya kuingia kwa namba ya simu. Yabonyeze, chagua Kenya ili ipatikane `+254`, kisha andika namba yako bila ile sufuri ya mwanzo. Kompyuta itakuonyesha herufi na tarakimu 8. Kwenye simu fungua "Link a device", na chini ya kamera utaona "Link with phone number instead". Iguse, chapa zile 8, na umemaliza. Kwa duka kama lako ningeanza na njia hii tu, maana hakuna umbali wala mwanga wa kuwaza.

Ila ina hatari ile ile ya picha ya msimbo, kwa sura nyingine. Zile herufi 8 ni za kutoka kwenye kompyuta iliyo mbele yako kwenda kwenye simu yako. Mtu akikupigia au kukuandikia akikupa herufi 8 uzichape kwenye WhatsApp, anaiunganisha kompyuta yake. Na simu ikikuletea taarifa ya kuweka msimbo wa kuunganisha kifaa wakati hujakaa mbele ya kompyuta yoyote, ujue kuna mtu amechapa namba yako mahali fulani. Ikatae.

Msimbo ukishakubaliwa kuna hatua ya mwisho ambayo huonekana kama kukataa, nayo siyo. Kompyuta itaonyesha mstari unaojaa polepole huku ikipakua jumbe. Hapo simu yako inafunga historia ya karibuni kwa ufunguo na kuituma kwa kompyuta, na kwa mtu anayepokea picha za kadi kutwa nzima historia hiyo si ndogo. Iache simu ikiwa na WhatsApp wazi kwenye skrini, ikiwezekana kwenye chaji. Simu zenye mfumo mkali wa kubana betri hukata programu ukiiweka kando, na mstari unasimama katikati. Ukisimama, washa skrini, fungua WhatsApp, usubiri. Usiharakishe kufunga ukurasa na kuskani upya, kwa kuwa utarudi mwanzo. Jumbe za miaka ya nyuma zisipoonekana zote kwenye kompyuta, hazijapotea. Ziko kwenye simu.

Jambo la mkeo bado lipo. Kama simu yake ilishika na jumbe zake zikafunguka dukani, basi kompyuta hiyo ina akaunti yake, na hutaona msimbo wowote hadi itolewe. Bonyeza nukta tatu juu ya orodha ya jumbe kwenye kompyuta uchague "Log out", au yeye aitoe kutoka kwenye "Linked devices" ya simu yake. Ukishaingiza yako, na kwa kuwa kijana wa kazi hushika kompyuta hiyo ukiwa nje, fungua mipangilio ya WhatsApp kwenye kompyuta, uende "Privacy", kisha "App lock", uweke nywila. Ukiacha meza bila mtu, jumbe zitajifunga zenyewe baada ya muda utakaouchagua, na hutalazimika kuunganisha upya kila asubuhi.